Uzi: Mweusi kaishinda ko ya pointi 27 halafu kafungwa mchezo. Nani kakosea hesabu?

vifungo_mkunazini
Assalamu alaykum wana Go wote, wa Unguja na wa Pemba.

Nauleta huku ubishi wa barzani kwetu, maana umetushinda. Ijumaa baada ya Isha walicheza vijana wawili, ubao mkubwa wa mistari 19, ule wa plaiwudi, na kete zetu ni vile vifungo vya fundi cherehani. Fidia ya Mweupe ni 6.5. Mchezo ulikwenda sawa mpaka ikazuka ko kona ya chini kulia, ile ya kulana kete moja moja pahala pale pale, na hapo ndipo tulipogawanyika.

Hali ilikuwa hivi. Mweupe ana kete 8 pale konani. Akiishinda ko, kundi linaishi na anapata eneo la pointi 4. Mweusi akiishinda, kete 8 zinakufa, na ndani mna makutano 7 matupu. Zamu ni ya Mweusi na ko bado iko mikononi mwa Mweupe. Sehemu nyengine za ubao zilikuwa zimetulia, zimebaki hatua za kawaida za kusukuma mipaka.

Mweusi akaichukua ko. Mweupe akatoa kitisho upande wa kulia katikati: akaingia kwenye eneo la Mweusi na kutishia kukata kete 6. Mweusi hakumjibu. Akaiziba ko, kundi la kona likafa, na barza nzima ikapiga kelele. Mweupe naye akakata.

Mwisho wa kuhesabu, Mweupe kashinda kwa 3.5. Sasa wengine wanasema Mweusi kafanya sawa, ila alikuwa nyuma tangu mwanzo. Wengine wanasema ko hiyo ndiyo iliyomzamisha. Picha ya ubao nimeiweka hapa. Semeni.

mtu_wa_bububu
Kwani Mweusi aliruhusiwa kuiziba? Mie najua ukichukua ko lazima mwenzako acheze pengine kwanza ndio iwe halali.

vifungo_mkunazini
Yakhe, anayelazimika kucheza pengine ni yule aliyechukuliwa ko, kabla hajairejesha, na Mweupe alikwisha cheza, ndicho hicho kitisho. Aliyeichukua akifika zamu yake anaiziba tu. Sheria haikuvunjwa. Suala ni kama ilifaa.

pweza_mkavu
Hii mbona hesabu ya skuli. Kete 8 zikifa ni pointi 16, kwa sababu unapata kete na pahala ilipokaa. Ongeza 7 za ndani, ishirini na tatu. Mweupe angeishi angepata 4. Kwa hivyo ko ni 27.

Kitisho sasa. Kete 6 zikikatwa ni 12. Mweusi kapoteza eneo lake la kulia, mie nililihesabu kwenye picha nikapata 8. Mweupe kaongeza 4 za kwake. Jumla 24.

27 ni kubwa kuliko 24. Mweusi kafaidi pointi 3. Alifungwa kwa sababu nyengine kabisa, tusimsingizie ko. Uzi ufungwe.

bint_makunduchi
Mie nakubaliana na pweza, ila nina swali langu. Juzi mtandaoni, ubao mdogo wa 9, ilibaki ko moja tu ya mwisho, ile ya pointi moja. Nikawa natafuta vitisho mpaka nikacheza ndani ya eneo la mwenzangu, naye akajibu kila nikicheza. Nilipoteza kitu au sikupoteza?

maalim_ubao
Wa alaykum salaam. Nimeamka Wete nikakuta mshafunga uzi kabla sijanywa kahawa.

Bint, umecheza ndani ya eneo lake, kaweka kete moja ndani ya eneo lake hilo hilo. Kete yako ni mateka, pointi moja kwake, na yeye kajizibia makutano moja. Hamkupotezeana kitu. Angekaa kimya bila kujibu ndio ungekuwa umempa pointi ya bure. Katika ko ndogo kama hiyo kitisho chochote kinachojibiwa kinatosha, mradi hakikuharibii kitu chako.

Pweza, hesabu zako zote nazikubali: 27 na 24. Nimeitazama picha nami nimepata hizo hizo. Unachokosea ni kuziweka kwenye mizani moja.

Ile 27 ni masafa kutoka Mweusi kuikosa ko kabisa hadi kuipata kabisa. Lakini Mweusi hakuanzia kwenye kuikosa kabisa. Tazama hatua. Ko ikiwa mkononi mwa Mweupe, Mweupe anahitaji hatua moja tu kumaliza. Mweusi anahitaji mbili: aichukue, kisha aizibe. Safari nzima ina hatua tatu, basi 27 gawa kwa 3, kila hatua ni 9. Mweusi kacheza hatua mbili pale konani. Kapata 18, si 27.

Na Mweupe kapata hatua mbili mfululizo upande wa kulia. Hizo zimempa 24 zote, kwa sababu kabla ya kitisho eneo lile lilikuwa la Mweusi tupu, kila mtu akilihesabu hivyo. Kumi na nane toa ishirini na nne. Mweusi katoka kwenye ko ile amepungukiwa 6, na zamu imerudi kwake kama ilivyokuwa mwanzo.

pweza_mkavu
Ngoja kwanza Maalim. Angekijibu kitisho, Mweupe angeichukua ko na kuiziba, na Mweusi angekosa 27 zote. Sasa kukosa 27 kunakuwaje bora kuliko kukosa 24?

maalim_ubao
Kwa sababu unamsahau Mweusi mwenyewe. Mweupe anapoiziba ko, Mweusi alikuwa wapi? Alikuwa keshacheza hatua pengine.

Twende pole pole. Mweusi kaichukua ko. Mweupe kitisho. Mweusi anajibu, eneo la kulia limebaki salama. Mweupe anairejesha ko. Tuseme Mweusi hana kitisho hata kimoja, ni masikini wa kutupwa. Atacheza hatua kubwa kabisa iliyobaki ubaoni. Vifungo kasema zilibaki za mipaka. Nimezitazama: ile ya juu kulia na ile ya kushoto chini, kila moja tofauti baina ya Mweusi kuanza na Mweupe kuanza ni kama 12. Nusu yake ni 6 kwa hatua. Mweusi anachukua hiyo 6. Mweupe anaziba ko, Mweusi kapoteza 9. Zamu ya nani? Ya Mweusi tena.

Sita toa tisa, kapungukiwa 3. Ukilinganisha na yale ya Ijumaa, kapungukiwa 6. Kwa hivyo kuipoteza ko hiyo, tena bila kitisho hata kimoja, kungekuwa bora kwa pointi 3 kuliko kuishinda alivyoishinda.

vifungo_mkunazini
Alaa! Kwa hivyo badala ya kufungwa kwa 3.5 angefungwa kwa 0.5.

maalim_ubao
Ndio. Bado kafungwa, lakini hapo bado hatujamhesabia vitisho vyake.

mchake_wa_machomanne
Maalim, mie nashindwa kukumbuka mlolongo wote huo nikiwa kwenye saa, dakika zinakimbia. Hakuna njia ya mkato?

maalim_ubao
Ipo. Chukua tofauti nzima ya ko, hapa 27. Toa thamani ya hatua moja ya kawaida kubwa iliyobaki ubaoni, hapa 6. Inabaki 21. Kitisho ambacho kikitekelezwa kinaleta zaidi ya 21, kijibu. Kikiwa chini ya 21, kidharau, uzibe ko. Ni mpaka huo huo kwa nyote wawili, haijalishi nani anatisha na nani anatishwa.

Kitisho cha Mweupe kilikuwa 24. Kilikuwa kitisho halali.

Na hapa nataka kumpa pweza haki yake. Mchezo ule ule, ko ile ile, kitisho kile kile, lakini mipaka yote imekwisha zibwa na zimebaki hatua za pointi moja moja. Toa 1 kwenye 27, mpaka unakuwa 26. Kitisho cha 24 hakifiki. Hapo Mweusi anaziba ko bila wasiwasi na pweza yuko sawa kabisa, kulinganisha 27 na 24 moja kwa moja kunakaribia ukweli. Kadiri ubao unavyobakiwa na hatua kubwa, ndivyo hesabu ya pweza inavyodanganya.

Upande wa pili vile vile. Kama ubaoni ziko hatua za zaidi ya 9 kwa moja, ko hii haipaswi hata kuguswa kwanza. Watu wanaiona 27 macho yanawatoka, wakati hatua ya kawaida yenye tofauti ya 20 tu ina thamani ya 10, inaizidi.

pweza_mkavu
Nimekuelewa kwenye hilo la mwisho wa mchezo. Hilo la katikati bado linanisumbua, lakini nimelipiga kwenye karatasi mara mbili linatoka vile vile.

ng_ambo_kwetu
Mnajua kuwa ko tatu kwa pamoja ni nuksi? Oda Nobunaga wa Japani aliuawa Honnoji mwaka 1582 usiku huo huo walipocheza mbele yake zikatokea ko tatu. Mie nikiona ko mbili naanza kutafuta njia ya kutoka.

maalim_ubao
Nobunaga kufa Honnoji 1582 ni historia. Habari ya ko tatu ni simulizi ya wachezaji. Hapa tunayo moja tu na imetutosha.

vifungo_mkunazini
Turudi. Mie nilikaa upande wa Mweusi na nilihesabu vitisho vyake vitatu.

Kimoja juu kushoto, anakata kete 9 za Mweupe. Cha pili kushoto katikati, atari kwenye kete za ukingoni, anatishia kuzila. Cha tatu chini, anatishia kete 6 na eneo dogo.

Mweupe nilimwona na kile alichokitumia, na labda kimoja juu, pale anapochungulia baina ya kete mbili za Mweusi. Vitatu kwa viwili. Kwa hivyo Mweusi angeishinda ko tu angekuwa na subira?

maalim_ubao
Usihesabu vitisho kama unahesabu samaki kwenye tenga. Kila kimoja kipime kwa ile 21 kwanza.

Kile cha juu kushoto: kete 9 ni pointi 18, na Mweusi anafungua eneo la kama 8. Ni 26. Kizima.

Kile cha chini: kete 6 ni 12, na eneo 6. Ni 18. Hicho si kitisho hata kidogo. Mweusi akikicheza, Mweupe atacheka na kuiziba ko. Mweusi atavuna 18 zake, Mweupe kachukua 9 konani, na zamu ni ya Mweupe. Angejibu badala yake na hana kitisho chake kilichobaki, Mweusi angeichukua ko (9), Mweupe angekwenda kuchukua hatua ya 6, Mweusi angeiziba (9 tena), na zamu ni ya Mweupe vile vile: Mweusi kafaidi 12. Mweupe anachagua kati ya kumpa mwenzake 9 na kumpa 12. Ataziba.

Kile cha kushoto katikati ndicho cha kukitazama sana. Nimekipima nikapata 23, kwa hivyo kinapita mpaka. Lakini angalia kinachotokea Mweupe akijibu. Ile atari inamlazimisha Mweupe aunganishe, na akishaunganisha, ile njia ya Mweusi kupenya chini ya kete zake mwishoni mwa mchezo imefungwa. Njia hiyo ilikuwa na pointi 2. Kwa hivyo kitisho hiki kinalipiwa 2 hata kikijibiwa. Kitumie cha mwisho, na ukitumie tu ikiwa kitakuletea ko.

Vitisho vya Mweusi basi ni viwili: kimoja cha bure, kimoja cha kulipia.

mchake_wa_machomanne
Na vya Mweupe? Mie yule wa kuchungulia sikumwona kuwa mkubwa.

maalim_ubao
Hicho sitakiapia. Inategemea kama Mweusi akidharau, kukatwa kule kunaua kete zote za juu au zinatoka na jicho moja na nusu. Nimepata mara 19, mara 22. Moja chini ya mpaka, moja juu.

Ila tazama, kwa Mweusi haina tofauti kubwa. Yeye ndiye aliyetangulia kuichukua ko, basi anahitaji vitisho sawa na vya mwenzake, si vingi zaidi. Mweupe akiwa na kile cha 24 tu, Mweusi anajibu, Mweupe anarejesha, Mweusi anatoa kile cha 26, Mweupe anajibu, Mweusi anaichukua tena na Mweupe kaishiwa. Anakwenda kuchukua hatua ya 6, Mweusi anaziba, Mweupe anachukua 6 nyengine. Kumi na nane toa kumi na mbili, Mweusi kafaidi 6.

Mweupe akiwa na viwili, Mweusi anatumia na kile cha kulipia, faida inashuka kuwa 4.

Kutoka kupungukiwa 6 hadi kufaidi 6 ni pointi 12. Aliyefungwa kwa 3.5 angeshinda kwa 8.5. Au kwa 6.5 ikiwa kalipia.

bint_makunduchi
Subhanallah. Yaani aliishinda ko mapema mno.

pweza_mkavu
Mie nina neno, na safari hii nimeitazama picha vizuri, nimeikuza mpaka vifungo vinaonekana tundu zake. Nyote mnahesabu vitisho vya mbali. Je vya pale pale konani?

Lile kundi la Mweupe lina kete 2 za Mweusi zilizokaa ndani, zimebanwa, pumzi mbili. Mweupe akicheza moja ya pumzi hizo, anatishia kuzila. Akizila anapata jicho la pili bila kuhitaji ko kabisa. Hicho ni kitisho, na ukubwa wake si mdogo, kwa sababu Mweusi akikidharau, kundi linaishi hata kama ko kaiziba.

vifungo_mkunazini
Hizo kete 2 nazikumbuka. Lakini nilidhani hazina habari.

maalim_ubao
Pweza, hapo umenigusa. Sikuzihesabu.

Ikiwa ni kweli, Mweupe ana kitisho cha papo hapo ambacho Mweusi lazima akijibu, na hakihitaji kupimwa kwa 21, maana ukikidharau hukuishinda ko kabisa, umeziba bure. Tena hizo hesabu za eneo la ndani, makutano 7, itabidi tuziangalie upya, kama kete 2 zile zimehesabiwa au la.

Kwa Mweupe vinakuwa vitatu, kile cha kuchungulia kikiwa cha kweli. Mweusi ana viwili. Anaishiwa kwanza. Hapo angejibu kile cha 24, akakubali kuipoteza ko, akafungwa kwa 0.5. Na asithubutu kukitumia kile cha kulipia bure bure, maana ataipoteza ko na pointi 2 juu yake, afungwe kwa 2.5.

Lakini kile cha kuchungulia kikiwa cha 19, Mweupe anabaki na viwili, na Mweusi anashinda kwa 6.5. Mchezo mzima unaning'inia pale juu, kwenye jicho moja na nusu.

mchake_wa_machomanne
Lakini Maalim, Mweupe akicheza pumzi ile ya konani, si anajibana mwenyewe? Kundi lake lenyewe lina pumzi ngapi baada ya hapo? Mie naona Mweusi anajibu kwa atari na Mweupe hawezi kuzila tena.

pweza_mkavu
Inategemea ko iko kwa nani wakati huo. Ikiwa Mweusi keshaichukua, Mweupe kapungukiwa pumzi moja.

mchake_wa_machomanne
Na kitisho anakitoa lini? Ni pale Mweusi keshaichukua. Hana wakati mwengine.

pweza_mkavu
Hmm.

maalim_ubao
Vifungo, picha hii kivuli cha taa kimeangukia kona yenyewe. Ule mstari wa kwanza, kifungo cha tatu kutoka pembeni, ni cheupe au ni tundu la plaiwudi? Kikiwa cheupe, kundi lina pumzi ya ziada na pweza kashinda hoja. Kikiwa tundu, Mchake yuko sawa.

vifungo_mkunazini
Wallahi sijui. Ubao ushafunguliwa, vifungo vimo ndani ya kopo. Nitawauliza wachezaji wenyewe kesho, ila nawajua, kila mmoja ataniambia kinachomfaa.

bint_makunduchi
Muulize Mweupe kwanza kabla hajausoma uzi huu.